Molekuli za Darasa Moja la Nyanza-Lac: Kujibu Madai Matano

Chukua chumba cha darasa hapa Nyanza-Lac chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Ndani yake mna molekuli za hewa zipatazo 4×10²⁷, yaani 4 ikifuatwa na sifuri 27. Kila ninapoiandika namba hiyo ubaoni, pingamizi huja zilezile, kutoka kwa wanafunzi, kwa wazazi na hata kwa walimu wenzangu. Zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine, kwa sababu anayezikubali anaacha chombo ambacho kingemsaidia kupima maneno ya watu kuhusu ziwa, mvua na samaki.

Dai la kwanza: "Huko ni kubahatisha."

Anayebahatisha hutaja jibu bila njia. Anayekadiria huonyesha kila hatua, na kila hatua inaweza kukaguliwa na mtu mwingine. Hatua zangu ni hizi.

Ujazo wa chumba ni 8 × 7 × 3, sawa na mita za ujazo 168. Mita moja ya ujazo ina lita 1,000, kwa hiyo chumba kina lita 168,000. Vitabu vya kemia vinafundisha kwamba moli moja ya gesi hujaza lita 22.4 kwenye usawa wa bahari na katika nyuzi joto 0. Hapa hatuko kwenye usawa wa bahari, wala hakuna baridi ya barafu, kwa hiyo ninachukua lita 27 kwa kila moli; sababu yake nitaieleza katika dai la tatu. Lita 168,000 zikigawanywa kwa 27 zinatoa takriban moli 6,200. Kila moli ina molekuli 6.02×10²³. Kuzidisha kunatupa 3.7×10²⁷, nami ninaandika 4×10²⁷.

Sasa tuseme nilipima chumba kwa hatua za miguu, na kila kipimo kikazidi kwa asilimia 10. Ujazo wangu utazidi kwa takriban theluthi moja. Ukweli basi ungekuwa karibu na 3×10²⁷ badala ya 4×10²⁷, na idadi ya sifuri isingebadilika. Hicho ndicho ninachodai: ukubwa wa namba, pamoja na mipaka ya kosa lake. Anayetilia shaka chumba changu abadilishe vipimo, hesabu itamfuata.

Dai la pili: "Huwezi kuhesabu usichokiona."

Mwaka 1865 Josef Loschmidt, mwalimu wa Vienna, alikadiria ukubwa wa molekuli ya hewa kwa mara ya kwanza, na tangu hapo ikawezekana kukisia ni ngapi zinajaa katika ujazo fulani. Jean Perrin wa Paris akaja na njia ambayo mtu angeweza kuitazama kwa jicho. Kuanzia mwaka 1908 aliweka chembe ndogo sana za utomvu wa mti ndani ya maji, akazihesabu kwa hadubini, tabaka kwa tabaka. Chembe zilikuwa nyingi chini na chache juu, kama hewa inavyopungua kadiri unavyopanda mlima. Kasi ya kupungua huko ilimwezesha kupata idadi ya molekuli katika moli moja, naye akafikia karibu 7×10²³. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1926. Tangu mwaka 2019 namba hiyo imewekwa rasmi kuwa 6.02214076×10²³. Perrin alikosea kwa kiasi kisichofika asilimia 20, na idadi ya sifuri aliipata sawasawa.

Hapa kwetu hatuna hadubini ya Perrin, lakini tunaweza kukagua sehemu moja ya hesabu kwa mpira wa miguu na mizani ya kupimia gramu, kama ile ya wauza dhahabu. Mpira uliojazwa vizuri una ujazo wa lita 5 na nusu hivi. Upime uzito. Kisha ingiza sindano ya pampu, acha hewa iliyozidi itoke mpaka mlio ukome, bila kuubonyeza mpira, halafu upime tena. Kama mpira ulikuwa na mgandamizo uliozidi wa nje kwa theluthi mbili, utapungua kwa takriban gramu 4. Hizo gramu 4 ni uzito wa theluthi mbili ya hewa ya kawaida inayojaza lita 5 na nusu, kwa hiyo hewa yote ya ujazo huo ni gramu 6. Gawanya, utapata zaidi kidogo ya gramu moja kwa lita, yaani kilo moja na kidogo kwa mita ya ujazo.

Rudi sasa kwenye moli zetu 6,200. Moli moja ya hewa ni gramu 29, kwa hiyo darasa lina kilo 180 za hewa, nayo ni kilo 1.07 kwa kila mita ya ujazo. Njia mbili zisizotegemeana, ile ya kitabu na ile ya mizani, zimekutana.

Dai la tatu: "Hali ya hapa kwetu inaivuruga hesabu yote."

Hili ndilo dai ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu anayelitoa ametazama mahali anapoishi. Basi tulipime.

Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni takriban hektopaskali 920, badala ya 1,013 za pwani ya bahari. Molekuli zinapungua kwa asilimia 9. Joto la darasani likiwa nyuzi 27 badala ya 0, hewa inatanuka na molekuli zinapungua tena kwa asilimia 9. Mambo hayo mawili ndiyo yanayotoa moli kutoka lita 22.4 hadi lita 27. Mtu angeyasahau yote mawili angepata 4.5×10²⁷ badala ya 3.7×10²⁷. Ni kosa, lakini halihamishi sifuri hata moja.

Hapo kuna mtego wa kuangalia. Taarifa nyingi za hali ya hewa hutoa mgandamizo uliokwisha kurekebishwa kana kwamba kila mji uko kwenye usawa wa bahari. Ukisoma 1,013 kwa mji ulio kando ya ziwa letu, hiyo si hewa unayoivuta. Inayohitajika katika hesabu ni ile inayosomwa na kipimo kilichopo palepale.

Na wanafunzi je? Chukua watoto 60 wenye kilo 40 kila mmoja. Mwili wa mtu unakaribia uzito wa maji ya ujazo uleule, kwa hiyo kila mtoto anachukua nafasi ya lita 40, na wote pamoja mita za ujazo 2.4. Ongeza mita moja ya ujazo kwa madawati. Ni asilimia 2 tu ya chumba.

Unyevu wa ziwa nao haubadilishi jumla. Molekuli za mvuke zinapoingia, nyingine za hewa zinatoka, na mgandamizo unabaki uleule. Madirisha yaliyo wazi, ambayo wengi huyaona kuwa tatizo kubwa kuliko yote, ndiyo yanayotuhakikishia kwamba mgandamizo wa ndani ni sawa na wa nje. Hewa inaingia na kutoka mchana kutwa, lakini idadi iliyomo ndani kwa wakati mmoja haibadiliki kwa kiasi cha kutuhangaisha.

Dai la nne: "Katika namba kubwa hivyo, sifuri moja zaidi au pungufu si kitu."

Sifuri moja ni mara kumi. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye madaftari ni hili: mwanafunzi anakumbuka kwamba mita ina sentimita 100, halafu anaandika kwamba mita ya ujazo ina lita 100. Jibu lake linakuwa 4×10²⁶, na kwa macho linafanana kabisa na lile sahihi.

Kulitambua hakuhitaji kitabu. Geuza jibu liwe kitu kinachopimika. Molekuli 4×10²⁶ ni kilo 18 za hewa katika chumba kizima, yaani gramu 100 na kidogo kwa mita ya ujazo. Mpira wetu ungepungua kwa chini ya nusu gramu, na mizani inakataa. Aliyekosea upande wa pili, akafika 4×10²⁸, atalazimika kukubali kwamba darasa limebeba karibu tani mbili za hewa. Namba yoyote kubwa mno kwa akili irudishwe kwenye kilo, mita au saa kabla ya kuaminiwa.

Dai la tano: "Kama njia hii inaweza hewa, basi tukadirie na samaki wa ziwa."

Dai hili hutoka kwa walioshawishika, nalo ni la hatari zaidi. Njia ya kuchukua sehemu ndogo na kuizidisha inafaa pale tu sehemu hiyo inapofanana na sehemu nyingine zote. Molekuli huchanganyika zenyewe, kwa hiyo lita moja karibu na ubao ni sawa na lita moja karibu na mlango.

Maji ya ziwa nayo yanatuvumilia, kwa sababu husambaa mpaka uso ukawa sawa. Mwaka 2024, ziwa lilipofurika hadi kuingia kwenye nyumba za Rumonge, palikuwa na maneno kwamba mvua za hapa ndizo zilizolijaza. Tukadirie. Mvua kubwa ya milimita 100 inyeshe kwenye eneo la kilomita 20 kwa 20, na yote iingie ziwani bila kupotea hata tone. Hizo ni kilomita za ujazo 0.04. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi, kwa hiyo litapanda kwa takriban milimita moja. Kupanda mita moja kunahitaji kilomita za ujazo 33, na maji hayo hutoka katika bonde zima: mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, Ruzizi, Malagarasi na mito mingine ya nchi nne, kwa misimu mingi, huku Lukuga kule Kalemie ukiwa ndio mto pekee unaoyatoa. Mvua ya usiku mmoja inaweza kubomoa nyumba kwa mafuriko ya mto, lakini haiwezi kulipandisha ziwa.

Ndagala hawasambai hivyo. Hutembea kwa makundi, usiku huifuata taa ya mvuvi, hupanda na kushuka majini kati ya mchana na usiku. Ukipima kilo za wavu mmoja ulioinuliwa chini ya taa, kisha ukazidisha kwa eneo lote la ziwa, umezidisha mahali ambapo samaki wameitwa wakusanyike. Jibu linaweza kukosea mara kumi au mara mia, na hakuna hesabu nadhifu ya baadaye itakayoliokoa. Hapo inabidi kupima sehemu nyingi, penye samaki na pasipo samaki, kwa nyakati tofauti.

Kwa hiyo anayekuletea kadirio, la hewa, la mvua au la samaki, mwombe kwanza orodha ya alichokichukulia kuwa kweli. Itafute hatua iliyo dhaifu kuliko zote, iongeze mara mbili, kisha ipunguze kwa nusu, uone jibu linakwenda wapi. Likibaki na sifuri zilezile, lishike. Likiyumba, umekwisha kujua ni kipimo kipi cha kwenda kukichukua kwanza.