Mshereheshaji na Dakika za Watu

Yasemwa kila mara kwamba sherehe zetu hurefushwa na wasemaji. Tuhuma hii imezoeleka hata haihojiwi tena, na anayefaidika nayo ni mshereheshaji. Na tufanye hesabu.

Chukua mahafali ya shule ya sekondari. Ratiba ina wasemaji wanane kabla ya mgeni rasmi, kila mmoja dakika 10, kuanzia saa 4:00 asubuhi. Basi mgeni ataalikwa saa 5:20. Katika karatasi, mmoja akiketi mwenziwe amekwisha kusimama. Ukumbini sivyo. Mshereheshaji humshukuru aliyeketi, huyaeleza upya aliyoyasema, hutia mzaha, hutaja jina la ajaye kisha vyeo vyake. Naye ndipo ainuke, afunge vifungo vya koti, apeane mikono na meza kuu, akifikie kipaza sauti. Dakika 3 zimepita, na mara nane ni 24. Wasemaji wakizidisha dakika 2 kila mmoja, ni 16. Mgeni wa saa 5:20 anasimama saa 6:00 kamili, na katika dakika 40 zilizopotea fungu kubwa ni la mshereheshaji mwenyewe.

Mlipaji ni nani? Ni wanafunzi, ambao ngonjera yao waliyoikariri kwa majuma hufutwa “kwa ufinyu wa muda”. Mwenyekiti wa bodi hafutwi kamwe.

Mshereheshaji na aandike, wala asijitegemee ulimi. Kila kiungo kiwe sentensi mbili: vyeo vitangulie, jina liwe la mwisho, ili makofi yafunike mwendo wa ajaye, ambaye amekwisha hamishiwa kiti cha mbele mwenziwe angali akisema. Sentensi ya kwanza iachiwe nafasi tupu, ijazwe wakati wa kusikiliza. Maana nimemsikia mmoja akisifu maneno matamu juu ya nidhamu, na msemaji alikuwa ameomba mabati ya bweni!

Kando ya kila jina iandikwe saa ya kumaliza, si idadi ya dakika. Kiungo kikiwa dakika 1, msemaji wa nne humaliza saa 4:44, na mgeni huitwa saa 5:28. Hiyo ndiyo saa ya kweli ya kuchapwa katika ratiba. Wa nne akimaliza saa 4:50, deni la dakika 6 laonekana pale pale, na wanne waliobaki huombwa kupunguza dakika moja na nusu kila mmoja. Hapo ngonjera imesalimika.

Wako watakaosema kwamba kumwonyesha mzee kadi ya “dakika 2” ni kumvunjia heshima. Ni kweli, ikiwa aiona kwa mara ya kwanza akiwa jukwaani. Aambiwe jana yake, na kadi ionyeshwe kwa wote tangu msemaji wa kwanza. Mbona tulikwisha kukubali kufupisha salamu kwa kusema “itifaki imezingatiwa”? Ingawa wengi huyatamka maneno hayo, kisha wakaanza kuwataja wakubwa mmoja mmoja.