Ukiletewa Makadirio ya Umeme wa Jua

Fundi wa umeme wa jua akileta karatasi ya makadirio, wengi wetu hukimbilia mstari wa mwisho kutazama jumla. Mwezi huu tusome mistari iliyo juu yake.

Tuseme mama mmoja wa Dongobesh, Mbulu, ameletewa karatasi hii: paneli wati 100, betri 1, kontrola 1, taa 5, nyaya, ufundi. Yaonekana imekamilika. Lakini "betri 1" ni kama cheti cha dawa kilichoandikwa "vidonge" bila kutaja dawa wala kipimo.

Kwanza mama huyu ahesabu matumizi yake. Taa 5 za wati 6 zikiwaka saa 5 ni 150. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Kuchaji simu tatu, aweke 30. Jumla ni wati-saa 240 kwa siku. Siku ya jua zuri paneli ile itatosha. Sasa agawanye 240 kwa volti 12 za betri, apate 20. Hizo ndizo saa-ampea anazotumia kila siku, na juu ya betri huandikwa Ah.

Betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, hivyo kwa siku moja anahitaji 40 Ah. Wakati wa masika mawingu yanaweza kutanda siku mbili, basi anahitaji 80 Ah. Karatasi isiposema, anaweza kuletewa betri ya gari ya 50 Ah. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikikamuliwa kila usiku huharibika mapema. Dalili yake ni taa kufifia saa mbili usiku ingawa mchana jua liliwaka vizuri. Betri ya lithiamu huvumilia kukamuliwa zaidi, lakini aulize kama kontrola ile inaikubali.

Pili ni "nyaya". Kutoka paneli hadi betri ikiwa ni mita 10, waya wa milimita 1.5 za mraba hupoteza zaidi ya volti moja njiani. Wa milimita 4 hupoteza karibu nusu volti tu. Unene na urefu viandikwe.

Tatu ni yale yasiyotajwa kabisa: fyuzi karibu na betri, vyuma vya kufungia paneli juu ya bati, na usafiri. Mzigo ukitoka Arusha kuja Mbulu au Katesh, nani analipa? Betri ikifa baada ya miezi sita, nani anaibadilisha, na nani anagharimia safari ya fundi?

Mwombe fundi aandike upya karatasi yenye majibu hayo, atie sahihi, ndipo utoe malipo ya awali. Sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako mpaka taa zimewaka usiku kadhaa. Ukiwa na makadirio ya mafundi wawili, usilinganishe jumla kabla hujaona kwamba Ah za betri na unene wa waya ni sawa.