Wivu wa Aliyekuacha Si Ushahidi wa Mapenzi

Hapa Habaswein, mwanamke aliyeachwa akipata mchumba mpya, habari humfikia mume wa zamani kabla jua halijazama. Mji ni mdogo, uko kando ya barabara ya Garissa kwenda Wajir, na wazee waliokuja kuposa hawawezi kushuka garini bila kuonekana. Siku chache baadaye simu iliyokuwa kimya inaanza kulia. Mtu aliyekuwa akijibu salamu kwa neno moja sasa anauliza watoto wameamkaje. Anatuma pesa za matumizi ambazo hakuzituma miezi yote iliyopita, na baada ya sala ya Alasiri anamvizia kaka wa mwanamke nje ya msikiti. Mtaa nao unatoa hukumu: kumbe alikuwa anampenda.

Naikataa hukumu hiyo. Inachukua uchungu wa mtu anayepokonywa na kuuita mapenzi, kisha inamtwika mwanamke deni la kuulipa uchungu huo.

Tusiende mbali kutafuta kipimo, kwa maana sheria tunayoishi nayo imetuwekea kimoja. Mume akitoa talaka moja, mke hukaa eda. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata huku, eda ya mwanamke anayepata hedhi ni tohara tatu, aghalabu karibu miezi mitatu. Asiyepata hedhi hukaa miezi mitatu ya mwandamo, na mjamzito hukaa mpaka ajifungue. Katika muda huo wote mlango uko wazi. Mume anaweza kumrejea mkewe bila mahari mpya wala akdi mpya, kwa tamko tu, na bora awe na mashahidi. Hakuna wakati ambapo kurudi ni rahisi kuliko huo. Aliyemtaka mkewe alikuwa na majira mazima ya kusema neno moja.

Tuseme basi mama wa watoto wawili, anayeuza maziwa ya ngamia, ameachwa talaka moja mwanzoni mwa mwaka. Ugomvi ulikuwa juu ya matumizi: mume alikuwa akipata kazi ya lori, na pesa hazifiki nyumbani. Eda imepita bila mume kuuliza hali. Baada ya eda imepita miezi mingine mitano, kimya kile kile. Mwezi wa tisa mwanamume kutoka Modogashe anapeleka wazee kwa kaka wa mwanamke. Wiki hiyo hiyo mume wa zamani anapiga simu mara nne. Shangazi anamwambia binti, "Mwanangu, mtu haoni thamani ya kitu mpaka akikose. Mngoje."

Shangazi anasema kwa huruma, lakini aangalie ni nini kilichobadilika. Mwanamke ni yule yule wa mwezi wa pili. Maziwa anauza yale yale, watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwingine amekuja. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alieleza jambo hili: binadamu akihisi uhuru wake wa kuchagua unaondolewa, hamu yake ya kile kinachoondolewa hupanda, hata kama jana hakukijali. Hamu hiyo ni ya kweli. Mwanamume huyu hadanganyi anaposema halali usiku. Ila kinachomkosesha usingizi ni nafasi inayofungwa, na nafasi ikifunguliwa tena, hamu inakosa kinachoilisha. Ndiyo maana wengi hupoa mara tu mchumba mpya anapojiondoa. Mwanamke anabaki mikono mitupu, na wazee wa Modogashe wameondoka wamevunjiwa heshima.

Mwanamke akikubali kurudi, hali si nyepesi pia. Akdi mpya haifuti talaka iliyotangulia. Mume anarudi akiwa na talaka mbili tu mkononi, na ugomvi wa matumizi uko pale pale kwa sababu hakuna aliyeuzungumza. Watu wote walikuwa wakizungumza juu ya wivu.

Najua nitajibiwa kwa kisa cha Maaqil bin Yasar, na ni jibu zito. Bukhari amekipokea. Maaqil alimwoza dada yake, mume akamwacha mpaka eda ikaisha, kisha akaja kumposa upya. Katika mapokezi mengine, alikuja pamoja na waposaji wengine. Maaqil alikasirika, akaapa kwamba dada yake hatarudi kwake kamwe. Ndipo ikateremka aya ya 232 ya Suratul Baqara, inayowakataza mawalii kuwazuia wanawake wasirudiane na waume zao pale wawili hao wanaporidhiana kwa wema. Maaqil akatii, akamwoza tena.

Lakini kisome kisa hicho chote. Yule mume hakuja kwa siri. Alikwenda kwa walii na posa mkononi, akatukanwa usoni akavumilia. Na dada yake Maaqil alimtaka. Aya imesimama juu ya ridhaa ya wote wawili. Haikumwambia mwanamke kwamba kwa kuwa mtu amerudi, sharti apokelewe. Aya iliyotangulia, ya 231, inawakataza wanaume kuwashikilia wanawake kwa kuwadhuru. Wanaokitumia kisa hiki kumsukuma dada wa watu wamechukua nusu ya kumfurahisha mwanamume.

Wapo pia waliokaa kimya kwa unyonge. Ukame wa 2020 hadi 2022, mvua ziliposhindwa msimu baada ya msimu, uliwaacha vijana wengi wa kaskazini mashariki bila mnyama wa kutoa mahari. Kijana kama huyo aliweza kumpenda msichana na akaona aibu kutamka, kisha posa ya mwingine ikamlazimisha aseme. Huyo nampa nafasi. Lakini hata huyo hujulikana: wakati wa dhiki alikuwa akijulia hali, akiukwepa tu mjadala wa ndoa. Ukata haumzuii mtu kuuliza kama mgonjwa amepona.

Kwa hiyo msikilize anayerudi anazungumza juu ya nani. Akimtaja mwanamume wa Modogashe katika kila sentensi, ni wa kabila gani, ana mke mwingine au hana, basi shauri lake ni yule mwanamume. Mwenye nia huanza na lililovunja nyumba: nilikuwa siwaletei matumizi, sasa kila mwezi nitaleta kiasi hiki, na kaka yako awe shahidi. Tena angalia anabisha hodi wapi. Simu ya saa nne usiku haimgharimu kitu. Kukaa mbele ya walii na kueleza miezi minane ya ukimya kunamgharimu uso wake.

Wala sikubaliani na wasichana wanaoambiwa na rafiki zao wajionyeshe na mtu mpya ili yule baridi apate joto. Mtu mpya ana moyo, na ana wazee waliotumwa kwa nia safi. Na joto linalopatikana hivyo litahitaji mpinzani mwingine kila likipungua.

Mama wa maziwa akiwa bado hajaijibu posa, mume wa zamani ana haki ya kuja kama mposaji yeyote, akatoa mahari, akangoja jibu. Mama huyo akiwa ameshakubali, Mtume amekataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye mpaka iachwe. Simu za usiku baada ya hapo ni kosa, na shangazi au ami anayempelekea salamu zake anamsaidia kulitenda.