Korosho Hulipwa Novemba, Salfa Hudaiwa Juni

Kila Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa Mtwara na Lindi, mjadala ule ule hufunguliwa pamoja nayo: mkulima apewe fedha zake zote kwa mkupuo, au sehemu izuiliwe imfae baadaye? Wanaotaka izuiliwe wana mifano yao tayari, ya pikipiki mpya iliyouzwa kwa bei ya kutupa ifikapo Machi na ya shughuli ya unyago iliyolisha kijiji kizima. Wanaopinga hujibu kwa kifupi kwamba jasho ni la mkulima, na hakuna aliyewahi kumzuilia mshahara mtumishi wa serikali kwa kuwa alinunua redio.

Pande zote mbili zinabishana juu ya Novemba, wakati mwezi unaoamua mambo ni Juni. Ndipo mikorosho inapoanza kuchanua, na ndipo ubwiriunga, ule ukungu unaoonekana kama unga mweupe, unaposhambulia maua na machipukizi. Ua lililoshikwa hugeuka kahawia, hukauka na kupukutika bila kushika korosho. Dawa yake ya siku zote ni salfa, na haipulizwi mara moja ikaisha. Huanza maua yanapochomoza na kurudiwa kila baada ya wiki mbili au zaidi kidogo, mara nne hivi, kwa kiasi cha robo kilo kwa mti mkubwa. Mwenye hela Agosti ambaye hakuwa nayo Juni atapuliza maua yaliyokwisha kufa.

Tuchukue mkulima wa kubuni huko Tandahimba. Ana ekari tano, miti 120 inayozaa vizuri, na huvuna kilo 1,000. Bei ya mnada ni shilingi 3,000, na tuseme makato yote, ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala, halmashauri na mengineyo, yanafika 300 kwa kilo. Mwisho wa Novemba akaunti yake ya benki inasoma shilingi 2,700,000. Kijijini hiyo ni hela, na kwa wiki mbili tatu yeye ni mtu mkubwa.

Sasa tuhesabu mwaka wake kuanzia Desemba. Chakula kingi kinatoka shambani, muhogo na mahindi, lakini chumvi, sabuni, mafuta, kitoweo, hospitali na vocha vinakula 130,000 kwa mwezi. Januari shule zinafunguliwa: ada imefutwa, ila sare, madaftari na michango havijafutwa, hivyo 200,000 inaondoka. Kufyeka na kupalilia mikorosho Aprili na Mei ni 200,000 nyingine. Salfa aliyopewa kwa ruzuku haitoshi, na hata ingetosha, mwenye mota ya kupulizia anataka hela yake na petroli haina ruzuku. Juni hadi Agosti atahitaji 300,000. Kisha Septemba hadi Novemba wapo waokotaji, magunia na usafiri wa kupeleka mzigo ghalani, 200,000 tena.

Jumla ni 2,460,000. Katika mwaka wa kawaida, fedha ile iliyoonekana nyingi inabakiza 240,000 tu. La kutazama zaidi ni kiasi anachopaswa kuwa nacho asubuhi ya tarehe 1 Juni ili afike mnada ujao bila kukopa. Miezi sita ya matumizi ya nyumbani ni 780,000, na shamba linadai 500,000. Ni 1,280,000, karibu nusu ya malipo yote, na lazima iwe imelala miezi sita bila kuguswa. Hapo ndipo mipango mingi inapovunjika. Mkulima huyu hajafanya anasa yoyote. Ametumia tu 250,000 hivi kwa mwezi zaidi ya alivyopaswa, kwa mabati, kwa harusi ya binti wa kaka, kwa jamaa waliosikia kuwa malipo yametoka.

Akifika Juni mikono mitupu, mlango uliobaki wazi ni kangomba. Mnunuzi wa kangomba humpa hela leo kwa korosho ambazo bado ni maua. Akichukua 150,000 kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, Novemba atatoa kilo 150, ambazo mnadani zingemwachia 405,000 baada ya makato. Kwa miezi mitano amelipa 255,000 juu ya 150,000 aliyopewa. Serikali imepiga marufuku biashara hii mara kadhaa, na mwaka 2018, iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 baada ya wakulima kugomea bei za mnada, ilihakiki mashamba kabla ya kulipa ili kuwanasa wafanyabiashara wa kangomba. Kangomba haijafa, kwa sababu mahitaji ya Juni hayajafa.

Hesabu hiyo ikigeuzwa, inatoa jibu la swali ambalo mkulima huuliza kila malipo yanapotoka, la wapi awekeze. Shilingi 150,000 zilizofichwa Desemba na kufunguliwa Juni zimemwokolea 255,000. Hakuna benki, mfuko wala duka la kijijini linaloweza kumlipa faida ya namna hiyo. Kwa hiyo uwekezaji wake wa kwanza ni kuifikisha Juni hela ya salfa na ya chakula. Mpaka hilo likamilike, yanayobaki yote ni mapambo.

Wa pili ni akiba ya mwaka mbaya. Bei ya korosho haina adabu. Msimu wa 2022 kulikuwa na minada iliyoshuka chini ya shilingi 2,000. Miaka miwili baadaye ilifunguka kwa zaidi ya 4,000. Kwa bei ya 2,000, mkulima wetu anabaki na 1,700,000 na pengo la 760,000. Kwa 4,000, anabaki na ziada ya 1,240,000. Ziada hiyo ndiyo inayowafanya watu wanunue bodaboda, ilhali sehemu yake kubwa, 760,000, ni deni la mwaka mbaya ambao haujafika. Na bei siyo hatari pekee. Mwaka ule wa 2018 bei ilikuwa nzuri kuliko ya mnada, lakini wapo waliosubiri malipo yao hadi mwaka uliofuata ukasonga mbele. Akiba ya pengo humfaa pia anayedai na hajalipwa.

Akiba hii inahitaji mahali inapotoka haraka lakini si kwa kunyoosha mkono tu. Simu ni karibu mno na mfuko. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS unafaa kwa kuwa hauna kipindi cha kufungwa, na mtu akiomba hela yake huipata baada ya siku chache za kazi. Siku hizo chache zinatosha kumchosha shemeji aliyekuja kuomba. Vikoba navyo ni vizuri, ila vina kosa la kalenda. Vingi huvunjwa Desemba, wakati mwanachama ana hela za mnada tayari, na hivyo mkupuo unaangukia juu ya mkupuo. Kikoba cha wakulima wa korosho kingevunjwa wiki ya kwanza ya Juni kingefanya kazi mara mbili, kwa michango ile ile na viongozi wale wale.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie kukuza mtaji, na hapa nina ugomvi na ushauri unaotolewa kwenye semina nyingi. Mkulima huambiwa afungue genge au anunue bodaboda ili apate kipato cha kila siku. Lakini wateja wa genge hilo ni wakulima wa korosho. Julai, yeye anapokosa hela, nao wanakosa. Daftari la mikopo linajaa na bodaboda inaegeshwa chini ya mwembe. Mbuzi ni hivyo hivyo: kila mwenye shida huuza mwezi ule ule, na bei hushuka siku anayoihitaji. Kitega uchumi kinachomfaa ni kile kinacholipa katikati ya mwaka, na kisichotegemea mfuko wa jirani.

Kilicho karibu zaidi ni ufuta. Hupandwa mvua zikiendelea, huvunwa kuanzia Mei, na minada yake hufanyika mikoa hiyo hiyo kabla ya msimu wa korosho. Ekari moja iliyogharimu 150,000 na kutoa kilo 150, kwa bei ya 2,500, ingeingiza 375,000; ukitoa gharama na makato, angebaki na kama 200,000, theluthi mbili ya gharama ya kupuliza. Ziada ya mwaka wa kawaida, ile 240,000, inatosha kuianzisha. Ufuta nao una lake: mvua ikikatika mapema, au kuvuna kukichelewa hadi maganda yakapasuka, mbegu humwagika shambani. Ndiyo maana ni ekari moja, si tano.

Baada ya miaka miwili mitatu mizuri, kuna hatifungani za serikali. Kiwango cha chini cha kununua ni shilingi milioni moja, na riba hulipwa kila miezi sita. Anayenunua Desemba atapata riba yake Juni na Desemba, kila mwaka, hadi hatifungani iive. Kwa riba ya asilimia 12, kwa mfano, milioni moja huleta 60,000 kila Juni. Ni kidogo, lakini inakuja mwezi unaotakiwa bila kuuliza bei ya korosho. Asiiguse asiye na akiba ya pengo, kwani akilazimika kuiuza kabla haijaiva huenda akapata chini ya alichotoa.

Turudi kwenye swali la umma. Sikubaliani na kuzuia fedha za mkulima kwa lazima. Makato yameshakuwa marefu, na vyama vya msingi vimekuwa na kesi nyingi mno za hela zilizopotea kiasi cha kutostahili kuongezewa dhamana. Lakini wakati wa kulipa ndio wakati wa kumsaidia. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti Duflo, Kremer na Robinson waliwapa wakulima wa mahindi nafasi ya kununua mbolea mara baada ya mavuno, wakapelekewa bila nauli. Waliotumia mbolea waliongezeka, hasa kwa kuwa waliombwa kuamua wakiwa bado na hela.

Kwetu ingewezekana kwa karatasi moja siku ya kupeleka mzigo ghalani. Mkulima ajaze mwenyewe kiasi gani kiende akaunti yake ya kawaida na kiasi gani kwenye akaunti ya pili ya benki, yenye jina lake yeye, inayofunguka tarehe 1 Juni. Chama cha msingi kisiishike hela hiyo hata siku moja. Asiyetaka aandike sifuri. Ugonjwa au msiba uruhusu kufungua mapema, hata kwa kuthibitishwa na zahanati au serikali ya kijiji, maana mpango usio na mlango wa dharura ndio utakaomrudisha mtu kwa kangomba wakati hela yake iko benki. Benki zitauliza zinapata nini, nazo zitapata amana za miezi sita kutoka kwa maelfu ya watu. Hilo ndilo vyama vikuu vinapaswa kwenda nalo mezani kabla ya Oktoba, vikidai riba inayolingana na muda huo na kukataa ada ya kila mwezi, kwa sababu ada ya shilingi elfu mbili tatu inatosha kumfanya mwenye kilo 200 aandike sifuri.