Kibanda kinauza, lakini pesa ya viazi haipo

Kuna swali tunaulizwa sana na watu walioanza biashara juzi tu: "Wateja wanakuja, simu inalia siku nzima, kwani pesa inaenda wapi?" Mara nyingi anayeuliza ana laini moja. Ndiyo inayopokea malipo ya wateja, ndiyo inayonunua tokeni za stima, na ndiyo mama nyumbani anajua akipiga. Wengine huwaambia, "Usiguse pesa ya biashara." Sisi tunaona ushauri huo haufai. Mtu amefungua kibanda ili ale. Lazima aiguse.

Wacha tuchukue mfano wa dada anayeuza chipsi Githurai, mwezi wa tatu tangu aanze. Kwa siku 6 anauza shilingi 21,000, ukijumlisha simu na keshi. Hesabu zake ni kama hivi: magunia 2 ya viazi 6,000, mtungi wa mafuta 5,000, gesi 1,500, sosi, chumvi na karatasi 900, kijana wa kumenya viazi 2,400, na kodi ya kibanda ukiigawa kwa wiki ni 750. Jumla 16,550. Kwa hivyo kibanda kinamwachia 4,450 kwa wiki. Si mbaya kwa mtu wa miezi mitatu.

Sasa angalia upande wa nyumba, wiki hiyo hiyo, kutoka kwa laini hiyo hiyo. Chakula 1,800, karo kidogo ya mtoto 2,000, mama ametumiwa 1,500, chama 1,000, tokeni 300, bando 250. Hiyo ni 6,850. Hakuna hata kitu kimoja hapo cha anasa. Lakini nyumba imekula 2,400 zaidi ya kile kibanda kimeleta, na hiyo 2,400 imetoka mahali. Imetoka kwa viazi. Wiki inayofuata anafika sokoni na pesa ya gunia moja na kidogo, ananunua moja, na kufikia Alhamisi jioni anafunga mapema kwa sababu viazi vimeisha. Mauzo yanashuka. Yeye anaamini biashara imeanza kufa, na kumbe kibanda chenyewe hakina shida.

Angeona mapema kama salio lingemwambia ukweli. Shida ni kwamba dada huyu pia ndiye mweka hazina wa chama chao, na michango ya wenzake hutua kwenye laini hiyo hiyo na kukaa pale mpaka siku ya kukutana. Kwa hivyo Jumanne salio linasoma 9,000 na anajiona yuko sawa, na kati ya hizo, pesa yake ni labda 3,000. Pesa ya watu ina tabia hiyo, inakufanya ujione tajiri mpaka siku ya kuitoa.

Halafu kuna Fuliza. Hatuipingi, imeokoa wengi usiku wa dharura. Lakini elewa inavyojilipa. Ijumaa usiku stima imekatika, salio halitoshi, unafuliza 1,000 ya nyumbani. Jumamosi mteja wa kwanza anatuma 100, na inaenda kwa deni moja kwa moja. Wa pili anatuma 150, hiyo pia. Wewe unasoma ujumbe wa "umepokea", unafunga chipsi, unasonga kwa mteja mwingine. Ule ujumbe wa deni kulipwa hukuusoma. Mpaka saa sita umetoa chipsi za elfu moja na zaidi, na salio ni sufuri. Mafuta ya kibanda yamelipa stima ya nyumba, pamoja na ada yake, na hakuna mahali umeandika.

Kama unashuku uko hapo, usikisie. Itisha stetimenti ya mwezi mmoja, chukua kalamu, na kando ya kila mstari andika B kwa biashara au N kwa nyumba. Pesa ya chama iweke C. Itakuchukua nusu saa hivi. Utakutana na mistari ambayo hukumbuki ni ya nini. Iandike N, kwa sababu ukweli ni kwamba gharama ya kibanda huwa unaikumbuka. Kisha jumlisha N zote. Hiyo namba ndiyo mshahara ambao umekuwa ukijilipa bila kujua. Kumbuka tu kwamba keshi haimo kwenye stetimenti, na ile 200 ya keshi unayochukua kila jioni ukienda nyumbani nayo ni mshahara.

Kutenganisha pesa zenyewe si kazi kubwa. Pochi la Biashara unaifungua kwa laini uliyo nayo, kupitia *334#, na pesa zake hukaa kando na zile za M-Pesa yako. Till nayo ina namba yake, na mteja hatozwi ada akilipa. Hata laini ya pili kwenye simu ya laini mbili inatosha kuanza nayo. Kazi iko kwa wateja: wale wa zamani wana namba yako na wataendelea kutuma walivyozoea. Andika bango kubwa, na kwa wiki mbili za kwanza mkumbushe kila mmoja kabla hajabonyeza. Zile zitakazoingia kwa laini ya nyumbani, zihamishe jioni hiyo hiyo. Na kama laini hiyo ina deni la Fuliza, lilipe kwanza, la sivyo utakuwa unamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Lakini pochi mbili hazisaidii kama unahamisha pesa kila ukihitaji. Hapo umeongeza tu hatua moja. Kinachosaidia ni siku ya malipo. Dada wetu achague Jumapili jioni. Kwanza anaacha pesa ya viazi, mafuta, gesi, sosi, chumvi na karatasi ya wiki inayokuja. Anaweka kando 750 ya kodi na 2,400 ya kijana. Kwa ile 4,450 inayobaki anajilipa 3,500, mara moja, na 950 inabaki kwa siku ambayo bei ya viazi imepanda. Chipsi ambazo watoto wanakula jioni pia azihesabu.

Ndiyo, nyumba inataka 6,850 naye amejilipa 3,500. Hapa ndipo watu wengi huacha mpango, kwa sababu namba hiyo inauma. Lakini pengo hilo lilikuwepo hata kabla, ila lilikuwa limejificha ndani ya gunia. Sasa ni swali la kukaa chini na watu wa nyumbani: karo italipwa na nani mpaka kibanda kikue, chama kipungue hadi ngapi, mama aelezwe nini. Kama una mume au ndugu anayepata kitu, hayo ni mazungumzo ya wiki hii.

Na simu ya dharura itakuja tu, labda Jumatano, mtoto anaumwa. Toa pesa kwenye pochi ya kibanda, mpeleke hospitali. Andika kwenye daftari "nimekopa 800, Jumatano", na Jumapili ujilipe 2,700. Kama 2,700 haitatosha, gawanya deni kwa wiki mbili, 400 na 400, lakini liendelee kuandikwa mpaka liishe.