SAA YA MHADHIRI WA MUDA IHESABIWE KWA UKAMILIFU

Tangu Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, elimu ya juu imewasogelea wananchi wake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake cha mkoa. Mahali palipo mbali namna hii na vyuo vikongwe, ni jambo la kawaida kutazamia kwamba afisa kilimo, mhasibu wa Manispaa ya Mpanda au mwalimu mwenye shahada ya pili ataombwa siku moja akafundishe somo kwa muda. Hapa hatuzungumzii mkataba wa chuo chochote kimoja. Tunazungumzia swali ambalo mtu huyo, popote alipo nchini, hana budi kuliuliza: akiambiwa kwamba atalipwa kwa saa ya darasani, saa hiyo ina nini ndani yake?

Mwalimu wa shule haulizi swali hili. Mshahara wake wa mwezi umebeba vipindi, andalio la somo, madaftari ya kusahihisha na hata zamu ya wiki. Mhadhiri wa kudumu naye ni hivyo hivyo. Malipo ya saa, kinyume chake, huondoa mshahara na kuacha wajibu wote palepale. Mhadhiri wa muda hutunga mtihani, huandika mwongozo wa kusahihishia, husahihisha, hujaza alama na hujibu hoja za mtahini wa nje. Katika yote hayo, kinachoonekana kwenye fomu ya madai ni saa alizosimama mbele ya wanafunzi.

Tuchukue mfano, na tuseme wazi kwamba kiwango cha fedha ni chetu wenyewe kwa ajili ya hesabu tu. Somo lina saa 3 kwa wiki kwa wiki 15, yaani saa 45. Malipo ni shilingi 30,000 kwa saa, jumla shilingi 1,350,000. Anayelifundisha kwa mara ya kwanza akitumia saa 2 kuandaa kila saa ya mhadhara, ametumia saa 90. Kutunga mtihani na kazi za alama tuziwekee saa 10. Darasa lina wanafunzi 40. Majaribio mawili na mtihani wa mwisho vya kila mmoja vinachukua dakika 40 kusahihisha kwa uangalifu, nazo ni kama saa 27. Jumla ni saa 172, na ile 30,000 imekuwa shilingi 7,850 hivi kwa saa.

Sasa darasa hilo liwe na wanafunzi 180. Saa za darasani ni zilezile 45, na maandalizi ni yaleyale. Lakini usahihishaji umepanda hadi saa 120, jumla ya kazi ni saa 265, na malipo yameshuka hadi shilingi 5,100 hivi kwa saa. Mkataba haukubadilika hata nukta.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Maandalizi na usahihishaji hutajwa kwa pumzi moja kama kwamba ni kitu kimoja, kumbe kila kimoja kina kipimo chake. Maandalizi hufuata idadi ya mihadhara, na hupungua somo linaporudiwa mwaka wa pili. Kwa hiyo yanaweza kuingizwa ndani ya malipo ya saa, mradi isemwe ni saa ngapi zimehesabiwa. Usahihishaji hufuata idadi ya wanafunzi. Hakuna kiwango cha saa ya darasani, kiwe kikubwa namna gani, kinachoweza kuubeba kwa haki bila kwanza kujua darasa lina watu wangapi, na idadi hiyo aghalabu hujulikana baada ya mkataba kutiwa saini.

Wenzetu wa Australia waliandika jambo hili kwenye kanuni zao za malipo. Mhadhara wa kawaida wa saa moja huhesabiwa pamoja na saa mbili za kazi inayoambatana nao, na mhadhara unaorudiwa huambatana na saa moja tu. Hata hivyo usahihishaji uliwaponyoka. Chuo Kikuu cha Melbourne, ambacho kilikuwa kimewalipa wasahihishaji kwa kukadiria maneno 4,000 kwa saa badala ya muda waliotumia, kiliomba radhi mwaka 2021. Kufikia Desemba 2024 kilikuwa kimekubali kurejesha zaidi ya dola milioni 72 za nchi hiyo kwa malimbikizo ya aina mbalimbali ya wafanyakazi wake.

Hapa kwetu msingi wa kudai maelezo upo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi saa zake za kazi, malipo yake, na namna malipo hayo yanavyokokotolewa. Kuandika "kwa saa" pasipo kueleza saa ni ipi si kueleza ukokotoaji. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo nayo inataja, miongoni mwa vigezo vya kumdhania mtu kuwa ni mwajiriwa, wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Zikihesabiwa za darasani peke yake, mhadhiri wetu ana saa 12 au 13 kwa mwezi. Ikihesabiwa kazi yote ya darasa la watu 180 kwa miezi minne, ana saa 66. Vigezo ni vingi na kimoja hutosha. Lakini ni dhahiri kwamba namna ya kuhesabu saa inaweza kuamua mtu ahesabiwe nani.

Linashangaza zaidi jambo la krediti. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za kujisomea na kufanya mazoezi. Somo la krediti 12 ni saa 120 kwake, ingawa darasani anakaa 45. Saa za mwanafunzi zisizoonekana zimepewa namba rasmi. Za mwalimu wake hazina.

Vyuo vitasema havina fedha, na pengine ni kweli. Lakini kazi isiyolipwa na chuo hulipwa na mwingine. Mtumishi mwenye vitabu 180 vya majibu na wiki mbili za kuwasilisha alama huvibeba hadi ofisini, na hapo halmashauri ndiyo inayogharamia mtihani wa chuo. Au hulipa mwanafunzi. Dalili zake huonekana kwenye vitabu vyenyewe: jumla ya alama pasipo mgawanyo wa kila swali, kurasa zisizo na neno la masahihisho, alama za darasa zima zilizosongamana pamoja, na maswali ya mwaka jana yaliyobadilishwa tarehe. Mkuu wa idara akiyaona hayo, kabla ya kumwita mhadhiri mvivu, na aangalie kwanza mkataba wake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuuita unyonyaji kwa jina lake, nasi hatuoni sababu ya kuuita jina jingine unapokaa chuoni. Tunashauri barua za uteuzi zitaje saa za maandalizi zilizomo ndani ya kila saa ya darasani, zitenge malipo ya kusahihisha kwa idadi ya vitabu vya majibu, na ziseme nauli ni ya nani. Maana anayetoka Mpanda kwenda Mpimbwe hupita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na njia hiyo si ya nusu saa. Naye mtumishi anayepokea barua isiyosema hayo aulize kwa maandishi kabla ya mhadhara wa kwanza, na ahifadhi nakala ya jibu pamoja na daftari la saa zake mwenyewe. Alama zikishawasilishwa, chuo kimekwisha pata kilichokihitaji, naye atakuwa amebaki na fomu ya madai yenye saa 45.