Kamera Kimya Nayo Inasema

Wengi hudhani filamu ya makala isiyo na mahojiano ndiyo ya haki zaidi, eti kamera inaangalia tu. Si hivyo.

Chukua Titicut Follies ya Frederick Wiseman (1967), iliyopigwa ndani ya hospitali ya wafungwa wenye maradhi ya akili kule Massachusetts. Hakuna msimulizi, hakuna swali. Lakini mgonjwa akiwa analishwa kwa mpira puani, katikati tunachomekewa picha za maiti yake ikinyolewa. Nyakati mbili tofauti zimeunganishwa, na wewe ushahukumu: wamemuua. Hapo aliyesema ni mhariri.

Kwenye mahojiano, dhuluma hujificha kwingine: nani hakuulizwa, na jibu limekatwa wapi. The Thin Blue Line ya Errol Morris (1988) ilimpa nafasi Randall Adams, aliyefungwa kwa mauaji ya polisi, lakini pia wapelelezi na mashahidi waliomtia ndani. Maneno yao wenyewe yakagongana. Adams aliachiliwa 1989.

Basi ukitazama ya kimya, uliza: picha hizi mbili zilipigwa wakati mmoja? Ukitazama ya mahojiano, uliza: anayelaumiwa amejibu lawama yenyewe, ama kaonyeshwa tu akibabaika?